Konferansi ya saa moja, vipande saba: kukata ao kuacha nzima?

«Tulifanya konferansi ya saa moja juu ya mazuku hapa Goma, odio yote tuko nayo. Tuikate vipande vya juma mzima tutume kwenye WhatsApp, ao tuitume nzima mara moja?»

Mimi ninasema mukate. Lakini namna watu wengi wanakata njo inaniogopesha, na kwa gesi ya mazuku inaweza kuua mutu.

Tuanze na sababu ya kukata, juu ni ya kweli. Mutu akiongea saa moja polepole anatoa maneno karibu 7000 ao 8000, ukiandika yote ni kurasa kumi na tano hivi. Nani atafungua hiyo kwenye telefone, na mega ya siku moja ile alinunua asubuhi? Mama wa Himbi ile anaamuka mapema kwenda sokoni hatasikiliza odio ya saa moja, ataiona, atasema nitasikiliza magharibi, na magharibi kuko meseji zingine mia. Hata ukiandika maandishi marefu WhatsApp yenyewe inaifunga inaweka «Lire la suite», na ile iko chini ya hapo wengi hawaifikie. Odio ya dakika moja inakula kilobaiti mia na kitu tu, inashuka hata rezo ikiwa mbaya, na mutu anaisikiliza akiwa anatembea. Kwa hiyo ile watu wanasema kwamba kipande kidogo kinapoteza maana na nzima inalinda maana, mimi siikubali hivyo hivyo. Nzima ile hakuna mutu alisikiliza hailinde mutu yeyote.

Sasa upande mwingine. Kipande kikishatoka kwenye grupu yenu kinatembea peke yake. Mutu anakitransferi kwa dada yake Sake, dada anakitupa kwenye grupu ya kanisa, na kule hakuna mutu ile aliona kipande cha jana, tena hakuna ile atangoja cha kesho. Na kama muliweka kwenye statu, kisha saa 24 kimepotea. Maana yake wewe ukiwaza «hii nitaielezea siku ya ine», kwa msomaji siku ya ine haiko. Shida yote ya kukata iko pale: munagawanya konferansi kufuata saa, dakika kumi siku ya kwanza, dakika kumi siku ya pili, na neno moja linabaki upande huu wakati «lakini» yake imeenda upande ule.

Tuangalie kwenye mazuku yenyewe. Mazuku ni gesi karboniki inatoka chini kwenye mipasuko ya udongo wa volkano, ni nzito kupita hewa kwa hiyo inalala kwenye mashimo na mabonde, haina rangi, haina harufu. Usiku na asubuhi mapema, baridi na upepo hakuna, inajaa. Jua likiwaka na upepo ukivuma inasambaa. Sasa mutu wa konferansi anasema: «Mchana wa jua na upepo gesi inapungua, lakini kwenye shimo ile upepo haiingie inaweza kubaki siku nzima.» Ukikata kisha neno «inapungua», umetuma kwa watu elfu moja kwamba mazuku ni kitu ya usiku tu. Na mtoto anaenda kuchunga mbuzi saa sita ya mchana.

Ya mushumaa ni mbaya zaidi, juu inaonekana kama konsei nzuri sana ya kuweka kwenye posti fupi. Ukishusha mushumaa kwenye shimo na ukazimika, toka mbio, hewa imeharibika. Hiyo ni kweli. Lakini mushumaa unazimika tu kama gesi imekuwa nyingi sana, na mutu anaanza kuumwa kichwa, kupumua mbio, kuzunguka akili, mbele mushumaa haujazimika. Kwa hiyo mushumaa kuwaka haimaanishe hapo kuko salama. Kama nusu ya kwanza inatembea peke yake, mutu atashuka kwenye shimo akishika moto mbele yake, ametulia kabisa, juu ni siye tulimwambia. Mimi kwa hii nisingekata hata kidogo: ao maneno yote mbili kwenye odio moja, ao mushumaa hauingie kwenye posti kabisa. Na ningechagua hii ya pili.

Ningefanya hivi. Kwanza andika odio yote kwenye karatasi, ni kazi ya kuchosha lakini bila hiyo utakata kwa sikio. Kisha usiangalie dakika, angalia maulizo ile mutu wa kartie anaweza kuuliza: mahali gani, saa gani, nitajua namna gani, nikiona mutu ameanguka nifanye nini. Kila ulizo ni kipande kimoja. Na masharti yake iingie kwenye sentensi ile ile, si kwenye sentensi ya mwisho ile watu wanakata wakicopier. Kwa egzampuli: «Kwenye shimo ao bonde, hata mchana, usiache mtoto wala mbuzi hapo, juu gesi inalala chini na mtoto njo yuko karibu na udongo.» Hiyo ukiitransferi ukakata nusu bado haidanganye.

Ulizo ya mutu ameanguka iende siku ya kwanza, isiwekwe siku ya posho kama zawadi ya wale walivumilia. Watu wengi wanakufa kwenye mazuku juu walishuka kusaidia mwingine. Usishuke na mikono mitupu, ita watu, na kama kuko kamba mufunge ile anashuka, avutwe kama analegea. Kama hakuna mutu iko na vyombo vya kupumulia, hata na kamba ni hatari kubwa. Kila kipande kibebe tarehe na nani alisema. Hapa Goma tunajua juu ya nini: 2021, volkano ilitoka tarehe 22 Mei, na tarehe 27 wakatangaza kartie zingine ziondoke. Meseji ya ile juma ikirudi leo bila tarehe, mutu atafunga mizigo.

Mbele ya kutuma, pelekea mutu moja ile hakuwa kwenye konferansi kipande cha katikati tu, umwombe akueleze atafanya nini. Akijibu mubaya rudi ukirekebishe. Usiwaze kwamba utafuta kisha: WhatsApp inakuacha ufute kwa wote siku mbili hivi, lakini kopi ile watu walishatransferi inabaki kule iko.

Kuko sehemu moja ya konferansi ile singeikata hata kidogo: ile ya gesi ya Ziwa Kivu. Kule kuko karboniki na metani nyingi chini, imeshikwa na uzito wa maji ya juu, na tabaka za maji hazichanganyike bule bule. Hiyo inataka mutu asikilize dakika kumi zote mufululizo. Ukitoa sentensi moja, ile itabaki mutaani ni «ziwa italipuka», na hakuna kipande cha kesho kitaifikia tena. Hiyo muitume nzima, odio moja, kwa wale wanaomba.