Ukiona "fii sifuri", uliza reti kwanza

Kila mwisho wa mwezi hapa Dubai ukipita Deira au Satwa jioni utaona foleni ya watu wanaotuma pesa nyumbani imetoka nje ya eksichenji mpaka barabarani, Wakenya, Waganda, Wafilipino, Wahindi, kila mtu na kitambulisho mkononi, na swali linaloulizwa pale kaunta ni moja tu: fii ni ngapi? Mimi naona hilo swali ndilo linalotumalizia pesa. Fii ni sehemu moja tu. Pesa nyingine inaliwa kwa reti, yaani dirhamu moja wanakugeuzia kwa shilingi ngapi, na reti hakuna mtu anaiuliza.

Ngoja nieleze vizuri manake watu wengi wa kwetu hawajui hii hesabu ni rahisi kiasi gani. Dirhamu, pesa ya huku, imefungwa kwa dola, dola moja ni dirhamu 3.6725, imekaa hivyo tangu 1997. Maana yake dirhamu haipandi wala haishuki ovyo dhidi ya dola, kinachocheza ni shilingi yetu tu. Basi ukitaka kujua dirhamu yako ina thamani gani leo, ingia mtandao wa Benki Kuu ya Kenya uone dola ni shilingi ngapi, gawa kwa 3.6725, umemaliza. Dola ikiwa 129 unapata kama 35.13. Hiyo ndiyo reti ya kweli, na yeyote atakayekupa chini ya hapo ile tofauti anabaki nayo yeye, hata kama bango lake limeandikwa bure kwa maandishi makubwa. Wala simwambii mtu afanye biashara bila faida, wafanye, lakini waiseme.

Sasa tuchukue unamtumia mama Kenya dirhamu 1,000, yaani elfu moja imetoka mfukoni mwako na kila kitu kikiwa ndani, fii na VAT ya asilimia 5 wanayoiongeza juu ya fii. Kwa reti ya kweli hiyo ingekuwa shilingi 35,130. Namba za reti na fii ninazotumia hapa ni za mfano lakini ziko karibu sana na unachokutana nacho ukizunguka.

Njia ya kwanza ni benki kwa benki, ile inayopitia SWIFT, mtandao unaounganisha benki za dunia. Benki yako huku inakukata tuseme 60, na VAT inakuwa 63, zimebaki 937. Halafu haitumi dirhamu wala shilingi, inatuma dola, kwa hiyo inakuuzia dola kwa 3.69 badala ya 3.67, unapata kama dola 254. Hizo dola haziruki moja kwa moja mpaka Mombasa, zinapitia benki ya katikati, mara nyingi ya Marekani, na hiyo ya katikati nayo ina chake, tuseme dola 15. Zimebaki 239. Zikifika Kenya benki ya mama inazigeuza shilingi kwa reti yake yenyewe, 127 badala ya 129, alafu inamkata labda 500 kwa kupokea. Kinachoingia ni kama 29,850. Umetoa elfu moja ile ile na zaidi ya shilingi elfu tano zimepotea njiani, asilimia 15, na hakuna hata mmoja aliyekuibia, kila mtu amechukua "kidogo".

Kwenye fomu ya benki kuna mahali pa kuchagua nani analipa gharama, utaona OUR, SHA na BEN. Ukichagua SHA, wewe unalipa za huku na za njiani zinakatwa kwenye hela inayokwenda. OUR unalipa wewe zote mwanzoni. Watu wanasaini bila kuuliza kisha wanagombana na ndugu zao, "nilituma hivi wewe unasema umepata hivi", na kumbe ndugu anasema kweli. Nimeona familia zikinuniana kwa hii kitu na inaniuma sana, manake aliyechukua hayuko hata kwenye yale mazungumzo.

Njia ya pili, eksichenji, unampa pesa pale kaunta, mama anachukua keshi kwa ajenti. Fii tuseme dirhamu 23, na VAT 24.15. Reti wanakupa 34.60. Zinafika shilingi 33,760 hivi. Njia ya tatu ni waleti ya simu, unatuma kwa apu na inaingia M-Pesa ya mama saa hiyo hiyo, fii sifuri, reti 34.10. Zinaingia 34,100.

Umeona? Bure imeshinda, lakini si kwa sababu ni bure, imeshinda kwa sababu kiasi ni kidogo. Ile waleti inakukata nusu shilingi zaidi kwa kila dirhamu kuliko eksichenji, na eksichenji inakukata mara moja tu, dirhamu 24 utume mia tano utume elfu tano. Hapo kuna mpaka, na kwa namba hizi mpaka uko kama dirhamu 1,670. Chini ya hapo waleti ni nafuu, ukipita hapo fii inakuwa rafiki yako. Tuma 3,000 uone: eksichenji zinafika karibu 102,960, waleti 102,300. Mtu anayetuma 3,000 kwa apu kila mwezi akifurahi hajalipa fii anaacha shilingi 660 mezani kila mara. Mpaka wako unaupata hivi, chukua fii pamoja na VAT uizidishe kwa reti ya eksichenji, kisha gawa kwa ile tofauti ya reti mbili. Kama hesabu inakuchosha, uliza swali moja tu pande zote mbili siku hiyo hiyo: nikikupa elfu moja, kwa simu ya mama zitaingia ngapi? Akikujibu kwa fii, muulize tena.

Ndio maana kwa matumizi ya kila mwezi mimi nasimama na simu. Wengi wetu huku tunatuma mia tano, mia nane, elfu moja, na wengi wanatuma mara mbili kwa mwezi kwa sababu nyumbani mambo hayangoji mshahara, na ukituma mara mbili kwa kaunta unalipa ile 24 mara mbili. Halafu kuna upande wa mama, ambao kwenye hizi hesabu watu wanausahau kabisa. Mama akiwa Ganze, ajenti wa kutoa keshi mwenye hela ya kutosha yuko Kilifi mjini, hapo kuna bodaboda na matatu kwenda na kurudi, kuna siku nzima ya shamba imekwenda, na akifika pale jina la kwenye risiti haliingiani na la kitambulisho kwa herufi moja anarudishwa. M-Pesa ajenti yuko hapo hapo dukani kijijini.

Lakini kutoa nako kuna bei. Akitoa zote mara moja, kati ya 20,001 na 35,000 anakatwa 197. Akitoa elfu tano tano kila akihitaji, kila mara ni 69, mpaka zikaisha imefika kama 480. Bado mimi namwambia mama asitoe zote, keshi ndani ya nyumba ina wageni wengi, ila zile kubwa asizitoe kabisa: karo ailipe kwa pebili ya shule, stima vivyo hivyo, dukani kwa till. Keshi iwe ya sokoni na nauli tu.

Kuna kitu kinaharibu hii njia ya simu na kinatokea sana, laini haiko kwa jina lake. Mama anatumia laini aliyosajiliwa na mjukuu miaka hiyo, wewe huku umeandika jina la mama na namba ya mjukuu, pesa inakwama inakaguliwa, au inaingia na siku mjukuu akienda kubadilisha laini mama hana chake. Kabla ya kutuma kwa mara ya kwanza mwambie mtu yeyote aliye nyumbani amtumie mama shilingi kumi aone ni jina gani linatokea kabla hajathibitisha. Jina hilo hilo ndilo uandike kwenye apu, kama lilivyo. Na kama unatuma keshi ya kuchukuliwa kupitia Western Union, ile MTCN ya tarakimu 10 ndiyo ufunguo wenyewe, usipige picha ya risiti ukaiweka kwenye grupu la familia la Watsapu. Mpigie mama, msomee.

Benki je, tuitupe? Hapana, lakini hapa watu wanachanganya. Kupeleka pesa kwenye akaunti ya benki Kenya si lazima upitie SWIFT. Eksichenji hiyo hiyo inaweza kuingiza kwenye akaunti, kwa shilingi, kwa ile reti yake ya 34.60, na hiyo ndiyo njia ya hela kubwa za kiwanja au kujenga. M-Pesa ina mpaka, mara moja haizidi 250,000 na akaunti haibebi zaidi ya 500,000, na hela kama hiyo kwenye simu ya mzee mimi siwezi kulala. Ikiingia akaunti iliyo kwa jina lako mwenyewe unapata na stetimenti, na siku ukienda kuomba mkopo ile historia ya miaka inasema kwa niaba yako. SWIFT yenyewe mimi naiona ya mtu anayelipa kampuni au anayetaka dola zifike dola kwenye akaunti ya dola, si ya kumtumia mama unga.

Jambo la mwisho ni hili la kungojea reti. Mwezi wa kwanza 2024 dola ilifika karibu 160, elfu yako moja ilikuwa kama 43,500, kufika mwezi wa nne dola imeshuka karibu 130 na elfu ile ile ni 35,000 na kitu. Hakuna fii wala apu inayoweza kukupunguzia elfu nane hivyo. Watu walishikilia mishahara wakingoja ipande tena, haikupanda, na nyumbani wakakopa kwa riba wakingoja. Hela ya chakula tuma siku mshahara umeingia. Ila bajeti ya nyumbani ipange kwa dirhamu, mwambie mama natuma mia nane, shilingi itakuwa vile itakavyokuwa, na umtumie reti ya siku hiyo aione mwenyewe.