Ngazi, safu au ramani: notsi za mhadhara zinapoharibikia

Mhadhiri anayetamka "kwanza, pili, tatu" anafaa kuandikiwa kwa ngazi: kichwa pembeni, hoja ndani kidogo, mfano ndani zaidi. Kasoro ya ngazi huonekana pale anaposema, "nilisahau kuwaambia..." Hoja ya juu imeshafungwa, nafasi haipo.

Jaribu kwa kifungu hiki. Mwenzako akisome kwa sauti mara moja, polepole, nawe uandike:

"Pepo za msimu hutokana na tofauti ya joto kati ya bara la Asia na Bahari ya Hindi. Kuanzia Desemba hadi Machi bara huwa limepoa kuliko bahari, hewa hutoka huko kuja kwetu: ndiyo kaskazi, iliyoleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Katikati ya mwaka bara hupata joto, upepo hugeuka: ndiyo kusi, iliyoyarudisha. Nikirudi kwenye sababu, hewa husafiri kutoka penye mgandamizo mkubwa kwenda penye mgandamizo mdogo."

Sentensi ya mwisho ndiyo mtego. Mwandishi wa ngazi huibandika chini ya kusi kwa kuwa ndipo kalamu ilipofika, na akirudia wiki ya mtihani atadhani inahusu kusi peke yake.

Kwenye ramani ya mawazo haisumbui: unachora tawi la "sababu" kutoka katikati na kuiongeza hapo. Ila matawi hayana mwanzo wala mwisho, kwa hiyo miezi hupotea usipoiandika kwenye tawi lenyewe. Isitoshe, ukikosea kukisia kiini cha mada dakika za mwanzo, karatasi nzima inapinda.

Mimi nashika safu, mpangilio uliotangazwa na Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21: piga mstari wima sentimita 6 kutoka kushoto, na chini acha kama sentimita 5. Darasani andika upande wa kulia tu, kwa mfuatano uleule wa mhadhiri, ukiruka mstari kila anapobadili hoja. Siku hiyohiyo, jaza kushoto maswali: "Kwa nini upepo hugeuka?" Swali hilo liandike mkabala na sentensi ya kwanza, kisha vuta mshale hadi ile ya mgandamizo. Chini, sentensi mbili za muhtasari kwa maneno yako.

Wengi huharibu safu kwa kuandika kushoto neno tupu, "kaskazi". Neno hilo halikuulizi kitu. "Kaskazi huvuma miezi gani, na kwa nini?" linakulazimisha ufunike upande wa kulia na kujibu.

Ramani ichore nyumbani, baada ya safu, daftari likiwa limefungwa. Tawi litakalobaki tupu ndilo la kurudia.