Bibi Yetu Hakuwa Kitambulisho

Tulipofunuliwa picha ya marehemu bibi yetu, iliyochorwa na kijana mmoja wa hapa Mtwara, nusura niisomee namba ya NIDA. Mabega yalikuwa sawa kama mizani, mikono imening'inia, macho yametukodolea, na midomo imevutwa kando kama ya mtu aliyeamrishwa acheke. Wajomba walimshukia mchoraji. Mimi niliomba nione maelezo tuliyompelekea pamoja na picha yake ya paspoti: "Bibi mzee, amevaa kanga nzuri, amesimama, anatabasamu." Kwa maelezo hayo, maskini angechora nini kingine?

Neno "amesimama" halisemi uzito wa mwili umeegemea wapi. Mtu aliyetulia huutupa kwenye mguu mmoja, nyonga ya upande huo ikapanda na bega lake likashuka. Asipoambiwa hivyo, mchoraji hugawa uzito sawasawa, na hapo ndipo gwaride linapoanza. Mikono nayo isipopewa kazi huning'inia tu.

Niliandika upya. Bibi ameketi mkekani kwenye baraza ya nyumba huko Mikindani, mguu mmoja ameunyoosha na mwingine ameukunja, anabangua korosho. Kifua kimeelekea kwenye ungo ulio kushoto kwake, lakini uso umegeuka kumtazama mtu aliyebisha hodi, hivyo shingo ndiyo inayobeba mgeuko. Mkono wa kulia umeinua kijiti, wa kushoto umeshika korosho. Kanga aliyojifunga imepauka kwa kufuliwa. Fundo liko chini ya kwapa, na kitambaa kimevutika juu ya goti lililokunjwa. Ile aliyojitanda imeteleza hadi kwenye kiwiko kwa sababu mkono umeinuliwa. Hilo la mwisho ndilo nililoling'ang'ania: nguo ielezwe kwa kile ambacho mwili unaifanyia, maana "kanga nzuri" huchorwa kama iliyopigwa pasi na kutundikwa dukani.

Kuhusu uso, nililifuta neno "anatabasamu", kwa kuwa huishia midomoni. Kicheko cha kweli huinua mashavu, hupunguza uwazi wa macho na kukunja ngozi pembeni mwake. Niliandika chanzo chake: amemwona mjukuu akiiba korosho, anataka kumkaripia, lakini kicheko kinamshinda, midomo ameibana, mashavu yamekwisha kumsaliti.

Mjomba mmoja alidai kwamba uso ulionyooka humfanya mgeni amtambue marehemu upesi. Nakubali, shingo upande: niliongeza kwamba uso usigeuke kiasi cha kulificha jicho la pili. Shangazi naye alitaka paka, mtungi na hereni. Nilikataa vyote, kwani mikono ilikuwa tayari na kazi yake.

Picha ya pili ililetwa Jumapili. Mama mdogo aliikazia macho muda mrefu, kisha akasema kwa hasira kwamba bibi hakuwa akifunga fundo upande ule.