Hati safi na hela zilizotembea

"Halmashauri yetu imepata hati safi mwaka wa tatu mfululizo, halafu ukifungua ripoti ya CAG huyohuyo unakuta wakusanya ushuru wametembea na hela za POS. Sasa hiyo hati safi ni ya nini?"

Kinachotuponza ni hilo neno "safi". CAG mwenyewe, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwenye ripoti anaandika hati inayoridhisha, na kinachomridhisha ni kitu kimoja tu, taarifa za fedha. Ile sentensi ya maoni inasema hesabu zilizofungwa tarehe 30 Juni zinaonesha kwa usahihi, katika mambo yote yenye uzito, hali ya fedha ya halmashauri kwa kufuata IPSAS, viwango vya kimataifa vya hesabu za sekta ya umma. Basi. Haisemi mkurugenzi ni mwaminifu, haisemi zahanati ilijengwa kwa bei nzuri, haisemi hakuna aliyeiba. Inasema karatasi zinafanana na kilichotokea, na kama kilichotokea ni wizi na karatasi zimeuandika vizuri, hati inabaki inaridhisha. Najua inasikika kama kejeli ila ndivyo ilivyo.

Tuchukue namba za kubuni tuone inavyokwenda. Halmashauri imetumia bilioni 40 kwa mwaka. Mkaguzi kabla hajagusa vocha hata moja anapanga kitu wenyewe wanakiita materialiti, yaani kosa likifika ukubwa gani litampotosha mtu anayesoma hizo hesabu. Kawaida ni asilimia ndogo ya matumizi, tuseme moja, kwa hiyo milioni 400. Sasa wakusanya ushuru wamekusanya kwa mashine za POS na milioni 60 hazijafika benki. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, mhasibu ameziandika zote kama mapato na hizo milioni 60 akaziweka kama deni, kwamba hawa watu wanadaiwa na halmashauri. Kama bado kuna matumaini ya kuzipata, hesabu ziko sawa kabisa! Hela hazipo lakini vitabu vinasema hazipo na vinasema ziko kwa nani. Njia ya pili, mhasibu hajaziandika popote, na hilo ni kosa la kihesabu la milioni 60, mkaguzi atamwambia arekebishe, na hata akigoma, milioni 60 peke yake iko mbali na 400.

Peke yake, lakini. Makosa ambayo hayajarekebishwa yanajumlishwa, na hapa ndo watu wengi hawafiki. Weka milioni 60 za POS, ongeza milioni 150 za madeni ya wazabuni ambayo hayakuingizwa, ongeza milioni 230 za jengo lililoandikwa mara mbili, umefika 440 na mstari umevukwa, hapo inakuja hati yenye shaka. Halafu materialiti siyo namba tu, mkaguzi anatakiwa aangalie na aina ya kosa, hela ndogo iliyofichwa makusudi na bosi mwenyewe ina uzito kuliko hela kubwa iliyokosewa na karani aliyechoka.

Kuna kitu cha pili kinachofanana na hicho. Halmashauri imenunua jenereta kwa milioni 80 na mtaani ni milioni 30. Vitabu vimeandika 80, benki imetoka 80, risiti ya 80 ipo. Kwa taarifa za fedha hapo hakuna kosa, kwa sababu kweli 80 ndo iliyotoka. Uozo upo kwenye manunuzi, na CAG anao sehemu nyingine ya ripoti anapotoa hitimisho kuhusu kufuata sheria za manunuzi na bajeti, na kwa undani zaidi kwenye barua ya ukaguzi inayokwenda kwa menejimenti. Kwa hiyo siyo kwamba CAG anajipinga, ni majibu mawili ya maswali mawili tofauti na sisi tunasoma lile la juu tu kwa sababu ndo mkuu wa mkoa analipigia makofi.

Na tunakosea hata upande wa pili. Hati chafu siyo ushahidi wa wizi. Kama vocha za milioni 500 hazionekani, labda zimeungua, labda zimefichwa, mkaguzi hawezi kusema zimeibiwa, anachosema ni kwamba amekosa ushahidi. Ikiwa ni eneo moja atatoa yenye shaka, ikiwa ushahidi umekosekana kila kona anashindwa kutoa maoni kabisa. Hiyo ni tofauti na hati isiyoridhisha, ambayo ushahidi ameupata na umeonesha hesabu zenyewe ni za uongo kwa upana. Niliwahi kufanya kazi ya ukaguzi kama karani mdogo, na nimeona mhasibu mwadilifu kabisa akipata hati mbovu kwa sababu ya faili na mjanja akipata nzuri kwa sababu makaratasi yake yalikuwa yamebanwa na kupangwa kama mswada wa kitabu.

Haya, hapo nimewatetea wakaguzi. Wanao na utetezi mwingine wanaoupenda: sisi tunatoa uhakika wa kiasi, siyo uhakika kamili. Na ni kweli, halmashauri yenye vocha 12,000 hakuna atakayezisoma zote, utachukua za hela kubwa zote halafu sampuli ya zilizobaki, na mtu aliyepanga wizi na mwenzake wa benki na mzabuni wakaleta nyaraka tatu zinazokubaliana, sampuli haitamkamata. Huwa wanakumbushia kesi ya Kingston Cotton Mill ya 1896 kule Uingereza, meneja wa kiwanda alikuwa anakuza thamani ya stoki mwaka hadi mwaka na wakaguzi wakapokea cheti chake bila kwenda kuangalia, Mahakama ya Rufaa ikawaachia, na Jaji Lopes akasema mkaguzi ni mbwa wa kulinda, siyo mbwa wa kunusa nyayo za mhalifu.

Mimi huo mfano unanichosha, kwa sababu wakiutaja hawamalizii hadithi. Mwaka 1938 Marekani ikalipuka kampuni ya dawa ya McKesson na Robbins, mali iliyoandikwa ilikuwa kama dola milioni 87 na milioni 19 hivi kati ya hizo hazikuwepo duniani, maghala hewa na wadaiwa hewa. Wakaguzi walikuwa wamefuata utaratibu wa wakati ule, ambao haukuwalazimisha kwenda ghalani wala kuwaandikia wadaiwa. Mwaka uliofuata utaratibu ukabadilishwa, kushuhudia stoki ikihesabiwa na kumwandikia mdaiwa moja kwa moja vikawa kazi ya kawaida. Yaani mstari wa "hiyo siyo kazi yetu" haukushuka kutoka mbinguni, umekuwa ukisogezwa na kila kashfa, na aliyekuwa salama 1896 leo angehukumiwa.

Ndo maana nikifika Wirecard huruma yangu inaisha. Kampuni ya malipo ya Ujerumani, iliyokuwa kwenye DAX, faharasa ya soko la hisa, pamoja na majina makubwa ya nchi ile, na kampuni ya ukaguzi ya EY ikiisainia hesabu mwaka baada ya mwaka. Juni 2020 ikagundulika euro bilioni 1.9 zilizosemwa ziko kwenye akaunti za benki mbili za Ufilipino hazipo, na benki zenyewe, BDO na BPI, zikasema huyu siyo mteja wetu na nyaraka ni za kughushi. EY ikakataa kusaini hesabu za 2019, na tarehe 25 mwezi huohuo kampuni ikaomba kutangazwa mufilisi. EY wakajitetea kwamba ulikuwa ulaghai wa hali ya juu, watu wengi, nchi nyingi, uliopangwa kuwadanganya hata wao. Sikatai kwamba ulikuwa ulaghai mkubwa. Lakini angalia mahali penyewe, ni salio la benki. Kitu cha kwanza kabisa ambacho karani wa ukaguzi anafundishwa wiki ya kwanza ni barua ya uthibitisho: unaiandika wewe, anwani ya benki unaitafuta wewe siyo unapewa na mteja, unaituma wewe na jibu linakuja kwako bila kupita mezani kwa mteja. Gazeti la Financial Times liliripoti kwamba kwa miaka mitatu EY haikuiuliza moja kwa moja benki ya Singapore iliyodaiwa kushika sehemu kubwa ya hela hizo kabla hazijasemwa zimehamia Ufilipino, ilitegemea nyaraka za mdhamini aliyesemwa anazishika kwa niaba ya kampuni na za kampuni yenyewe. Msimamizi wa wakaguzi Ujerumani, APAS, mwaka 2023 akawapiga faini ya euro 500,000 na kuwazuia miaka 2 kuchukua kazi mpya za kukagua makampuni yenye maslahi ya umma.

Kwa hiyo mimi naweka mpaka hapo. Ukiniambia sampuli haikuangukia kwenye vocha ya wizi, nakuelewa, hukuahidi kusoma zote. Ukiniambia hukujua hela bilioni hazipo benki na benki hukuiuliza, hapo hujanyimwa uhakika kamili, umeshindwa kufanya hata ule wa kiasi. "Uhakika wa kiasi" ni ahadi ya kazi iliyofanyika, siyo ahadi ya matokeo, na kazi inaweza kukaguliwa: barua ilitumwa au haikutumwa, ghalani ulikwenda au hukwenda. Wanaowalaumu wakaguzi kwa kila shilingi iliyopotea wanadai bima ambayo hakuna aliyeiuza, ila wakaguzi nao wakiiita kila aibu "matarajio makubwa ya umma" wanajificha nyuma yetu.

Kingine cha haraka, hati ina tarehe. Inazungumzia Juni, CAG anaikabidhi ripoti kwa Rais mwishoni mwa Machi, bungeni inafika Aprili, na miezi yote tisa hiyo katikati mkaguzi hajakuahidi kwamba hali ya halmashauri imebaki vilevile.

Sasa turudi kwa milioni za POS huko kwenu. Baraza la madiwani huwa linakaa kikao maalumu kujadili hoja za CAG, na ningekuwa diwani nisingepoteza hata dakika kwenye hati. Ningeomba ukurasa wa hoja hiyo kwenye barua ya ukaguzi, niangalie vitu vitatu: kiasi, majina ya watendaji waliokabidhiwa mashine, na hali ya utekelezaji ya hoja ya mwaka uliopita, kwa sababu mkaguzi huwa anaandika kama imefungwa, inatekelezwa au haijatekelezwa. Kama ni hoja ileile, kijiji kilekile, mtendaji yuleyule, miaka mitatu, na kwenye safu ya majibu menejimenti imeandika "tunaendelea kufuatilia", basi mkaguzi kazi yake alishaifanya tangu mwaka wa kwanza.