Mtanziko wa Wafungwa na Hesabu ya Kukutana Tena

Mwaka 1950 wanahisabati wawili, Merrill Flood na Melvin Dresher, walibuni mchezo mdogo ambao mwenzao Albert Tucker aliuvika kisa cha washukiwa wawili wanaohojiwa katika vyumba tofauti, kila mmoja akishawishiwa amsaliti mwenzake. Kisa hicho kinajulikana kwa wengi, lakini mimi huona kwamba kinaeleweka vizuri zaidi kikigeuzwa kuwa alama. Tukishirikiana, kila mmoja wetu anapata 3. Tukisalitiana, kila mmoja anapata 1. Nikikusaliti wakati wewe umeniamini, mimi napata 5 nawe huambulii kitu. Kwa kuwa usaliti unanipa alama nyingi zaidi iwe wewe umeniamini au hukuniamini, nami nakusaliti. Nawe unafikiri vivyo hivyo, na sote tunaishia na 1 ilhali 3 ilikuwa mbele yetu.

Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba bila mtu wa juu wa kulazimisha, watu hawawezi kuaminiana. Hitimisho hilo naliona la haraka mno, kwa sababu linachukulia kwamba wawili hao hawatakutana tena. Mwanasayansi wa siasa Robert Axelrod aliwaalika wataalamu watume programu za kompyuta zicheze mchezo huo kwa kurudiarudia, kila pambano raundi 200, na mwaka 1980 akachapisha matokeo. Iliyoshinda ilikuwa fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport, ambayo hapa nitaiita Nipe Nikupe: huanza kwa kushirikiana, kisha katika kila raundi hufanya kile ambacho mwenzake alifanya katika raundi iliyotangulia. Axelrod akaitisha mashindano ya pili, na washiriki 62 wakaingia wakiwa wanajua ni nani aliyeshinda na kwa nini, lakini Nipe Nikupe ikashinda tena. La kustaajabisha ni kwamba programu hii haiwezi kumpita mpinzani wake katika pambano lolote, kwa kuwa kamwe haianzi kusaliti. Ushindi wake ulitokana na kuvuna alama 3 mara nyingi pamoja na wengine.

Tufanye hesabu yenyewe. Tuseme kila baada ya raundi kuna uwezekano wa asilimia 90 kwamba tutakutana tena, yaani kwa wastani tutacheza raundi 10. Nikishirikiana na Nipe Nikupe nitapata alama 30. Nikiamua kumsaliti daima nitapata 5 mara moja, kisha 1 katika kila raundi ya zile tisa zilizobaki, jumla 14. Uwezekano huo ukishuka hadi asilimia 50, raundi zinakuwa 2 kwa wastani, na njia zote mbili zinanipa 6. Hata kabla ya kufika huko, pengo linafunguka: ukiwa chini ya thuluthi mbili, mjanja anayesaliti raundi moja na kushirikiana inayofuata anamzidi anayeshirikiana siku zote. Ndiyo maana uhusiano ambao mwisho wake unajulikana huanza kuoza kabla ya mwisho wenyewe. Katika raundi ya mwisho hakuna kesho ya kuogopa, kwa hiyo iliyotangulia nayo inapoteza ulinzi, na hivyo hivyo kurudi nyuma.

Udhaifu wa Nipe Nikupe, ambao kwangu ndio sehemu yenye uzito zaidi, hujitokeza pale panapokuwa na makosa. Wachezaji wawili wa aina hiyo wakishirikiana vizuri, kisha mmoja akakosea mara moja tu, wataanza kupokezana usaliti bila kikomo: leo huyu anapata 5 na yule sifuri, kesho kinyume chake, na wastani wa kila mmoja unashuka kutoka 3 hadi 2.5. Dalili yake ni kwamba kila mmoja anaamini kwa dhati kuwa yeye analipiza tu. Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha mwaka 1992 kwamba katika mazingira kama hayo inafaa zaidi kusamehe baadhi ya makosa, na kwa alama hizi kiwango kinachofaa ni takriban usaliti 1 kati ya 3. Ukisamehe zaidi ya hapo, anayesaliti mara moja moja kisha akarudi kushirikiana anaanza kufaidika nawe.

Sifa ya mtu hufanya kazi hiyohiyo pale ambapo wawili hawatakutana tena, kwa kuwa anayefuata atakuwa amesikia nilivyomtendea aliyetangulia. Hata hivyo, habari inayosambaa lazima ibebe sababu pamoja na tendo. Nikikataa kumsaidia msaliti, na watu wakasikia tu kwamba nilikataa, wataniweka kundi moja naye, na atakayekataa kunisaidia mimi atahesabiwa vivyo hivyo.