Jumatatu asubuhi hamna wateja: ufunge au uhamishe mtu?

"Nimeweka mauzo ya miezi mitatu kwenye Excel, Jumatatu asubuhi naona hamna kitu kabisa. Nichelewe kufungua siku iyo na nipunguze mtu, au niache ilivyo?"

Mtu wa kupunguza sawa, ila mlango usiuguse kwanza. Izi ni hesabu mbili tofauti na watu wengi wanazibeba kwa pamoja, wakiona namba nyekundu kwenye shiti wanafunga duka na kumrudisha mtu nyumbani siku iyo iyo.

Tuanze na shiti yenyewe maana ikikosea apo kila kitu kimekosea. Chukua wiki 12 kamili, sio "miezi mitatu", kwa sababu ndani ya miezi mitatu Jumamosi zinaweza kuwa 14 na Jumatatu 13 alafu ukilinganisha jumla unaisifia Jumamosi kwa kazi ambayo haijafanya. Wiki 12 zinakupa kila siku mara 12, basi. Kama kolamu A ina tarehe na muda wa risiti, ongeza kolamu mbili:

```
=WEEKDAY(A2,2)
=HOUR(A2)
```

Ya kwanza inakupa 1 kwa Jumatatu mpaka 7 kwa Jumapili (ndio, Jumatatu inakuwa ya 1, tuvumilie tu), ya pili inakupa saa. Alafu PivotTable: saa kwenye Rows, siku kwenye Columns, idadi ya risiti kwenye Values, kila namba unaigawa kwa 12, na kama kuna siku hamkufungua kabisa unagawa kwa siku mlizofungua kweli. Nasema idadi ya risiti na sio kiasi cha pesa kwa sababu mteja mmoja aliyebeba mzigo mkubwa Jumanne asubuhi anaweza kuifanya saa iyo ing'ae robo mwaka nzima, na yeye angekuja saa yoyote.

Angalia vizuri tarehe. Ukiona WEEKDAY inatoa #VALUE! kwenye baadhi ya mistari usiifute ukaendelea, iyo ni dalili kompyuta yako inasoma mwezi kwanza wakati risiti zimeandika siku kwanza, kwaiyo tarehe 13 kuendelea zimebaki maandishi na tarehe 1 mpaka 12 zimegeuzwa kimya kimya, tarehe 3 mwezi wa 4 imekuwa tarehe 4 mwezi wa 3. Hizo zilizonyamaza ndo mbaya kuliko zinazolalamika. Pia ukikuta risiti kumi zote ndani ya dakika mbili jioni, ujue kuna mtu anaandika kwenye daftari mchana kutwa anakuja kuingiza zote kwa mkupuo, na "saa yako bora" ni saa ya kuingiza daftari tu.

Na namba za HOUR toa sita, kuanzia 19 toa 18, kabla hujamwonyesha mtu. Mi nilishabandika ratiba ya shifti nimenakili shiti kama ilivyo, nikaandika "saa 8", kijana akaja saa 8 mchana na alikuwa sahihi kabisa, mi nilimaanisha saa 2 asubuhi.

Sasa tuchukue mfano. Duka linafungua saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, wafanyakazi wawili muda wote. Jumatatu saa 2 mpaka saa 3 asubuhi kuna risiti 31 kwa wiki zote 12, yaani wastani kama 2.6. Jumamosi jioni saa 11 mpaka 12 wastani ni 26. Ukipiga faida ghafi ya risiti ya kawaida (baada ya kutoa gharama ya bidhaa, sio mauzo mazima jamani), tuseme risiti 4 ndo zinalipa saa moja ya mfanyakazi mmoja. Kwaiyo Jumatatu asubuhi watu wawili wanahitaji risiti 8 na wanapata 2.6. Hata mmoja hajilipi.

Anayetaka kufunga ana hoja apo, na ni hoja nzito kama unalipa kwa saa. Ila kama mshahara ni wa mwezi, ukifungua saa 3 unaokoa umeme kidogo tu, kodi iko palepale, na ile saa moja ndo watu walikuwa wanafagia, wanapokea mzigo na kupanga rafu. Kazi iyo haipotei, inahamia saa 4 wateja wakiwa ndani. Alafu kuna ambacho shiti haiwezi kukuonyesha hata uikunje vipi: mteja aliyekuta mlango umefungwa. Haachi risiti. Na mlango wa saa 2 Jumanne na saa 3 Jumatatu mteja haukariri, anakariri tu kwamba "wale hawaeleweki".

Mi nilichokiona cha maana kwenye shiti kama izo mara nyingi hakiko kwenye saa mbovu, kiko kwenye saa nzuri. Rudi Jumamosi jioni. Ukitazama Jumamosi moja moja unakuta 26, 27, 26, 25, 26, hazipandi hazishuki. Wateja wa kweli hawaji hivyo, wateja wanakuja 19 leo na 34 wiki ijayo. Namba iliyonyooka namna iyo ni dari, yaani keshia mmoja amefika mwisho wa uwezo wake. Panga risiti za saa iyo kwa muda, alafu mstari wa pili weka:

```
=(A3-A2)*1440
```

Inakupa dakika kati ya risiti na risiti. Ukiona 2, 2, 3, 2, 2 saa nzima bila pengo hata moja la dakika 6 au 7, apo kulikuwa na foleni muda wote na kuna watu walichungulia wakaondoka. Mtu wa pili wa Jumatatu asubuhi anatakiwa hapa, kwenye mashine ya pili, na mlango wa Jumatatu unabaki wazi na mtu mmoja anayefagia na kuuza. Kosa la kumhamisha mtu unalirudisha wiki ijayo, kosa la kumzoesha mteja kwamba umefunga linachukua muda mrefu.

Lakini upande wa mfanyakazi nao upo. Ukimkatia shifti ya saa tatu kwa sababu shiti imesema tatu zinatosha, nauli yake ni ileile ya shifti ya saa nane, na akiondoka unaanza kufundisha mtu mpya Jumamosi jioni, saa mbaya kuliko zote. Kwaiyo mi napanga vipande visivyopungua saa tano hata kama saa moja katikati imepoa.

Bado unataka kujaribu kuchelewa? Jaribu wiki 4, na usipime saa uliyofunga, pima Jumatatu nzima. Kama zamani ilikuwa wastani wa risiti 61 na sasa ni 60, wateja wale wamekuja baadae tu. Ikiwa 54 shtuka, ila kwanza tazama Jumatatu zako 12 za nyuma: kama zilikuwa zinacheza kati ya 49 na 72 bila wewe kubadilisha chochote, basi 54 ya wiki 4 haijakuambia kitu bado, tazama na Jumanne ya wiki zilezile imeshuka au la, ndo uamue.