Kila mmoja watalipa: nani hasa?

Mimi ni mtafsiri hapa Lubumbashi. Kazi yangu kubwa ni mikataba midogo: watu wa kwetu wananunua mashine, magari na unga upande wa Zambia, karatasi zinavuka mpaka wa Kasumbalesa zikiwa kwa Kiingereza, na mimi naziweka kwa Kiswahili ili mwenye kutia sahihi ajue anatia sahihi nini. Siku moja mama mmoja wa Katuba alirudi kwangu na tafsiri niliyomfanyia wiki mbili kabla. Yeye na wenzake wawili walikuwa wananunua mashine ya kusaga mahindi. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha mjini: "Papa, shiye batatu tuko mutu moya, ao tuko batu batatu?"

Nilisoma mstari wenyewe. Nilikuwa nimeandika: "Kila mmoja wa wanunuzi watalipa dola 150 kwa kila wiki ya kuchelewa."

Ukianza na "kila mmoja," unahesabu mtu mmoja mmoja. Ukimaliza na "watalipa," umewakusanya tena. Wakichelewa wiki sita, "atalipa" inaleta dola 150 mara watu watatu mara wiki sita, yaani dola 2,700. Mwenye kushikilia "watalipa" atasema ni dola 150 za wote kwa wiki, jumla 900. Tofauti ni dola 1,800, na imebebwa na herufi moja niliyoichapa bila kuangalia. Bei ya mashine ilikuwa imeandikwa mahali pengine kwa jumla yake, kwa hiyo pale palikuwa hapana ugomvi. Adhabu ya kuchelewa ndiyo iliyokuwa haina jumla ya kuisahihisha.

Wenzangu wa kazi hii husema mambo haya ni ya mwalimu wa sarufi, kwamba hakimu hatazami kiambishi, anatazama nia. Ni kweli, nusu. Sheria yetu ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo ina chimbuko moja na ile ya Wafaransa, inasema kweli kwamba nia ya pamoja ya waliopatana inatafutwa kuliko kung'ang'ania neno kama lilivyo. Inasema pia kwamba shaka ikibaki, mkataba unatafsiriwa kwa faida ya mwenye kudaiwa. Mama wa Katuba angeweza kushinda kwa kosa langu. Lakini angeshinda baada ya avoka, baada ya miezi, na baada ya muuzaji kugoma kuleta vipuri. Mimi sioni faida ya kushinda namna hiyo.

Nirudi kwenye karatasi ya Kiingereza, maana kosa langu lilikuwa na mzazi. Vifungu vitatu vilivyotusumbua vilikuwa hivi:

```
Each of the Buyers shall pay USD 150 for every week of delay.
If any of the Buyers fail to pay, either Party may terminate.
Neither of the Buyers are allowed to sell the mill.
```

Katika kifungu cha kwanza Kiingereza kimenificha kitu. Neno `shall` halibadiliki: mtu mmoja `shall pay`, watu mia `shall pay`. Anayeandika mkataba kwa Kiingereza anaweza kumaliza ukurasa mzima hajaonyesha kama anahesabu mmoja au wengi, na hakuna atakayemshika. Ni pale tu anapofika kwenye kitenzi kama `is` au `are`, `has` au `have`, ndipo siri inatoka. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo ya kujificha. Kila kitenzi kinadai kichwa chake: a- au wa-, na ukikosea kinakusema mbele ya watu. Mtafsiri analazimika kuamua jambo ambalo mwandishi wa kwanza hakuliamua. Mimi niliamua kwa sikio: nilisikia "wanunuzi," jina la wingi lililo karibu kabisa na kitenzi, nikaandika "watalipa." Ni mtego uleule wanaoingia wazungumzaji wa Kiingereza wenyewe. Kitenzi kinavutwa na jina la jirani, kumbe mwenyewe hasa ni `each`, na `each` katika maandishi rasmi ni mmoja. Kwetu vilevile: mwenye kitenzi ni "kila mmoja," na "wanunuzi" anasindikiza tu.

Ila usikimbilie kusema kila penye "kila mmoja" lazima pawe na a-. Sogeza neno. "Wanunuzi watalipa kila mmoja dola 150." Hapa "watalipa" ni sahihi kabisa, kwa sababu sasa mwenye kitenzi ni "wanunuzi," na "kila mmoja" imekuja nyuma kugawanya fedha. Kiingereza kinafanya hivyohivyo: `Each of the Buyers has` lakini `The Buyers each have`. Maana ya deni haikubadilika, umoja na wingi umebadilika kwa sababu ya nafasi tu. Nawaonyesha hili wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu, na ndipo wanapoelewa kwamba kiambishi peke yake hakiwezi kubeba mkataba. Kinaweza kuuvuruga, lakini hakitoshi kuulinda.

Kwenye tafsiri ya pili nilibadilisha zaidi ya kiambishi, kwa sababu mama aliona tundu ambalo mimi sikuliona hata baada ya kusahihisha. Akauliza: na kama mimi nimelipa sehemu yangu kwa siku yake, mwenzangu ndiye amechelewa, hizo 150 zinanipata nami? Soma tena Kiingereza. Zinampata, maana "kila mmoja wa wanunuzi" ni wote watatu, mwenye kosa na asiye na kosa. Umoja sahihi, haki hakuna.

Kifungu cha pili kina `any`, na hapa sarufi haina hukumu ya kukupa. `Any of the Buyers fails` na `any of the Buyers fail` yote mawili yanaandikwa na watu wenye akili zao, kwa kuwa `any` inaweza kumaanisha mmoja yeyote au kadhaa wowote. Swali la pesa ni hili: akishindwa mmoja tu kulipa, muuzaji anaweza kuvunja mkataba? Ukiandika "ikiwa wanunuzi wowote hawatalipa," nasikia watu wakisoma kwamba ni lazima wawe zaidi ya mmoja. Ukiandika "ikiwa mnunuzi yeyote hatalipa," mmoja anatosha. Kwa Kiingereza dawa ni kuongeza neno: `any one of`. Kwetu mimi huandika "hata akiwa mmoja tu kati yao," maana hiyo haina mlango wa nyuma.

Katika kifungu hichohicho kuna `either Party`. Hapo niligundua chanzo cha matatizo yote. `Either` na `neither` ni maneno ya watu wawili. Huyu au yule. Si huyu wala yule. Ukishafika watatu, Kiingereza cha makini kinahamia kwenye `any` na `none`. Mkataba wetu ulikuwa na wanunuzi watatu, lakini kifungu cha tatu kinasema `Neither of the Buyers`. Kwa vyovyote vile karatasi hiyo iliwahi kuwa mkataba wa wanunuzi wawili, mtu akaifungua kwenye kompyuta, akaongeza jina la tatu juu, akasahau kushuka chini. Na `are` ile imezidisha makosa: kwa uandishi rasmi `neither of` inachukua `is`, ingawa mdomoni wengi husema `are` bila aibu.

Sasa mnunuzi wa tatu anaweza kusema nini? Kwamba katazo la kuuza mashine linawahusu wawili wa kwanza. Sidhani hakimu angemkubalia. Lakini nimeona watu wenye hoja dhaifu kuliko hiyo wakichelewesha mambo mwaka mzima.

Kiswahili nacho kina tundu lake katika kukanusha, tena kubwa. Watu huandika "kila mnunuzi hataruhusiwa kuuza mashine." Msomaji mmoja anaelewa hakuna anayeruhusiwa. Mwingine anaelewa si wote wanaoruhusiwa, yaani kuna anayeruhusiwa. Usikanushe baada ya "kila." Andika "hakuna mnunuzi hata mmoja atakayeruhusiwa," na umoja utajikalia wenyewe mahali pake.

Neno kidogo kuhusu "upande," kwa kuwa watu wa ofisi wanalipenda. "Kila upande utalipa gharama zake" ni sawa, "kila upande watalipa gharama zao" si sawa, na sikio la wengi halishtuki kwa sababu linawaona watu nyuma ya upande. Angalia pia mwisho wa sentensi: -ake au -ao. Kitenzi kinaweza kuwa cha mmoja na "zao" ikawarudisha wote kwa mlango wa jikoni.

Hivi ndivyo kifungu cha kwanza kilivyotoka mwishoni, baada ya kumpigia simu muuzaji naye akakiri kwamba alitaka kila aliyechelewa alipe kivyake:

"Kila mnunuzi aliyechelewa kulipa sehemu yake atalipa dola 150 kwa kila wiki aliyochelewa yeye. Wakichelewa wote watatu, jumla ya adhabu ni dola 450 kwa wiki."

Sentensi ya pili ndiyo ninayoipigania kuliko zote. Mtu akikosea kiambishi, hesabu inamsahihisha. Kwenye kila mkataba wa watu zaidi ya wawili, siku hizi naweka jumla hata kama aliyeniletea kazi ananiambia ni kurudia.

Muuzaji aliposikia "kila mnunuzi" akaja na ombi jingine: mmoja akikimbia, wawili waliobaki wamlipie. Hicho ndicho wanasheria wetu wanakiita solidarite, na "kila mmoja" haiileti hata uiandike kwa wino mwekundu. Sheria ileile ya 1888 inasema haidhaniwi, lazima isemwe waziwazi. Nikamwambia nitaiandika wakikubaliana. Nikaichapa kwenye karatasi ya pembeni: "Muuzaji anaweza kumdai yeyote kati ya wanunuzi watatu, hata akiwa mmoja tu, deni lote."

Mama akaisoma mara mbili, akapima "yeyote" na "deni lote" kwa kidole chake, akairudisha mezani.

"Hiyo hapana, Papa," akasema. "Hapo shiye tuko mutu moya."